Jiwe la mizani chini ya kitanda

Chumba changu kina kitanda cha tano kwa sita, kabati la milango miwili na meza ya jiko yenye mtungi wa gesi wa kilo 6. Katikati ya vitu hivyo imebaki sakafu ya marumaru yenye urefu wa mita 2 na sentimita 20, na upana wa mita 1 na sentimita 10. Nimeipima kwa tepu ya fundi seremala. Hapo ndipo ninapofanyia mazoezi, na kifaa changu ni kimoja tu: donge la chuma lenye mpini juu yake, kilo 16, mfano wa birika lisilo na mdomo. Jimu wanakiita ketobeli. Mimi nakiita jiwe, na sina haja ya kulisingizia, maana kwa asili ni jiwe kweli.

Kifaa hiki ni cha Warusi. Kwao kinaitwa girya, na kilianzia sokoni, kwenye mizani ya kupimia nafaka. Kipimo chao cha zamani, pudi, kilikuwa kilo 16 na kitu kidogo, ndiyo maana hadi leo vyuma hivi huenda kwa kilo 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, mbili. Inasimuliwa kwamba wachukuzi na wauzaji walianza kutambiana kwa kuyanyanyua mawe hayo, na utani ukageuka mchezo. Mwaka 1985 ulifanyika ubingwa wa kwanza wa Muungano wa Kisovieti, mjini Lipetsk.

Sasa, jiwe la mizani lina tabia moja: halibadiliki. Likibadilika, mwenye duka anakuibia. Mwenye vyuma vya sahani akizoea uzito huongeza kilo mbili na nusu upande huu na upande ule, mambo yakaendelea. Mwenye jiwe moja hana pa kuongeza. Leo kilo 16, kesho kilo 16, mwakani kilo 16. Ratiba yoyote ya chuma kimoja ni lazima ianze na kujibu hilo.

Kwa mwanamume asiye mzoefu kilo 16 huhesabiwa kuwa uzito wa kati. Kwa mwanamke ni kama kilo 12, na wapo wanaoanza na 8. Si uzito wa kutisha: ndoo ya lita 20 ikijaa maji inazidi hapo. Lakini hilo neno "kati" linadanganya, na lilinidanganya mimi wiki za mwanzo. Nilikuwa nafanya kila zoezi mara kumi na tano, raundi tatu, kwa haki sawa bila upendeleo. Baada ya siku kumi bega la kushoto lilikuwa linauma nikivaa shati, na miguu haikuwa na habari yoyote. Chuma ni kilekile, ila begani ni kizito, nyongani ni chepesi, na kwenye mapaja kiko katikati. Kukitumia sawasawa kila mahali ni kulionea bega na kuidekeza nyonga.

Kwa hiyo viungo hivi vitatu nimevipa kanuni tatu. Bega linapewa hesabu ndogo zinazopanda taratibu. Nyonga inapewa kasi, kisha inanyimwa mapumziko. Miguu inafanyishwa kazi mmoja mmoja.

Kabla ya hayo, nafasi. Mazoezi yanayokula sakafu si yale ya kusukuma juu, ni ya kubembeza. Chuma kikiwa kimefika usawa wa kifua, mkono umenyooka, kinafika karibu mita moja mbele ya visigino vyako. Kikirudi kinapita katikati ya mapaja na kutokeza nyuma nusu mita na zaidi. Ongeza sentimita 30 za usalama kila upande, utapata mita 2 na ushee, yaani chumba changu chote. Kwa hiyo nasimama kwa urefu wa nafasi, sijawahi kusimama kwa upana, na mtungi wa gesi unahamia nje ya mstari wa chuma kabla sijashika mpini. Anayetaka kupima kwake ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa mkono ulionyooka, ageuke taratibu mbele, nyuma na juu. Chupa ikigusa kitu, chuma kitakivunja.

Juu kuna pangaboi. Watu huogopa kwamba chuma kitaongeza urefu wa mkono, lakini kikishikwa vizuri hulala nyuma ya kigasha, kwa hiyo ngumi ndiyo inayotangulia. Ngumi yako ikiinuliwa bila chuma na kubakiza shibiri nzima chini ya mapanga, unaweza kufanya kazi. Hata hivyo mimi nalizima.

Mkeka usiutumie, kwenye marumaru unateleza kama sabuni. Peku ni bora, au viatu vya soli bapa. Pembeni naweka gunia lililokunjwa mara nne, na chuma kinatua hapo tu, kwa sababu nakaa ghorofa ya pili na aliye chini yangu ana mtoto mchanga. Na hapa kuna jambo ambalo chumba kidogo kinakulazimisha ulijue: huwezi kukitupa chuma. Jimu mtu akizidiwa anaachia na kuruka pembeni. Chumbani hakuna pembeni. Kwa hiyo hakuna kufanya mpaka mkono ugome. Unaacha ukiwa bado na moja au mbili akiba. Ratiba nzima imejengwa juu ya sharti hilo.

Bembea ndilo zoezi mama. Wengi wanalifanya kama kuchuchumaa na kuinua mikono, na hapo wanaharibu. Mwangalie mtu mzima wa kijijini anayefagia uwanja kwa ufagio wa chelewa: magoti amelegeza kidogo tu, mgongo umenyooka kama ubao, makalio yamekwenda nyuma. Huko ndiko kukunja nyonga. Ukitaka kujifunza bila chuma, upe ukuta mgongo, visigino vikiwa umbali wa unyayo mmoja, kisha peleka makalio nyuma mpaka yaguse ukuta bila magoti kwenda mbele. Yakigusa, sogea mbele sentimita mbili, rudia. Utafika mahali nyuma ya mapaja panavuta kama kamba; hapo ndipo penyewe.

Chuma kikae mbele yako kiasi cha unyayo mmoja na nusu. Kunja nyonga, kishike, kiinamishe kuelekea kwako, kisha kivute kwa nguvu nyuma juu katikati ya mapaja, mikono ikigusa mapaja ya juu. Ukisha hapo, simama ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa hasira. Chuma kitaruka chenyewe. Mikono ni kamba tu. Kikifika usawa wa kifua, makalio yamebanwa, magoti yamenyooka, pumzi imetoka kwa kishindo kifupi, kisha unakisubiri kishuke mpaka mikono ikaribie mapaja ndipo unakunja tena. Ukikunja mapema chuma kinapita chini ya magoti, na kiuno ndicho kinacholipa.

Utajuaje kama unakosea? Angalia panapouma kesho yake. Mabega yakiuma, ulikuwa unainua kwa mikono. Mapaja ya mbele yakiuma, ulichuchumaa. Kiuno kikiuma, ulikunja mgongo badala ya nyonga, au ulijiegemeza nyuma kule juu ukidhani ndiyo kumaliza. Panapotakiwa kuchoka ni makalio na nyuma ya mapaja. Kuna jaribio jingine, ila hilo kafanye uani maana linahitaji nafasi kubwa: pitisha taulo kwenye mpini, shika ncha zake mbili ubembeze. Taulo na chuma vikikaa kwenye mstari mmoja na mikono yako, nyonga inafanya kazi. Taulo likining'inia na chuma kikalegea chini, wewe unanyanyua, hubembezi.

Hesabu yangu ya bembea ni mia moja, kwa mafungu kumi ya kumi. Mwanzoni kwa mikono miwili, na mapumziko ni mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Fungu la kumi huchukua kama sekunde 15. Ukiweza kuanza fungu jipya kila dakika inapogonga, dakika kumi zimetosha. Basi hapo hamia mkono mmoja, kumi kushoto, kumi kulia, na utashangaa jinsi jiwe lilelile lilivyoongezeka uzito, kwa kuwa sasa kiwiliwili kinavutwa upande na lazima kikatae. Baadaye unaanza kukata mapumziko. Uzito haukubadilika, saa ndiyo iliyobadilika.

Kusukuma juu kunaanza na kukipandisha chuma kifuani. Hapa ndipo wageni wanapopata michubuko ya kigasha. Wanakirusha chuma mbali kama bembea, kikifika juu kinapinduka na kuwapiga mfupa. Dawa yake inafaa sana mwenye chumba kidogo. Simamisha godoro ukutani, simama mbele yake kwa umbali wa kigasha kimoja, upandishe chuma bila kuligusa. Utalazimika kubana kiwiko kwenye mbavu na kukiacha chuma kipande karibu na mwili, kama mtu anayefunga zipu ya koti. Kabla hakijafika begani, legeza vidole na uchomeke mkono ndani ya mpini ili chuma kiviringike kuzunguka kifundo badala ya kukirukia. Kikifika salama hakipigi kelele. Sasa umekipakata: ngumi chini ya kidevu, kiwiko mbavuni, mpini umelala kimshazari kiganjani, kifundo kimenyooka. Kifundo kikipindia nyuma, hata usijaribu kusukuma.

Kusukuma kwenyewe ni kubana makalio, kukaza tumbo, kukunja ngumi ya mkono usio na kazi, na kupanda bila haraka mpaka mkono uwe sambamba na sikio. Ukiona mbavu zinafunguka na mwili unalalia upande, bega limeshiba. Asiyeweza hata mara moja asiaibike: akunje magoti kidogo akirushe juu kwa msaada wa miguu, kisha akishushe kwa hesabu ya tano. Anayeshusha vizuri kwa wiki tatu au nne kwa kawaida ataanza kupandisha.

Na hapa ndipo vidato vinapoingia. Mpangilio huu niliupata kwenye kitabu cha Pavel Tsatsouline, mzaliwa wa Minsk aliyewafunza Wamarekani kutumia vyuma hivi. Kitabu ni cha mwaka 2006. Unapanda ngazi. Kidato cha kwanza: mara moja kushoto, mara moja kulia. Cha pili: mbili kushoto, mbili kulia. Cha tatu: tatu na tatu. Umemaliza ngazi moja, yaani mara sita kila mkono, na hakuna mahali ulipofanya zaidi ya tatu mfululizo. Kila unaposukuma unakishusha chuma katikati ya mapaja na kukipandisha upya. Mkono dhaifu unaanza, na mkono wenye nguvu hauruhusiwi kuuzidi.

Ujanja wake ni kwamba mizigo mingi inapita begani bila bega kugundua. Mtu anayeweza kukisukuma chuma mara tano tu, ukimwambia afanye raundi tatu za tano atavunjika raundi ya pili. Mpe ngazi tatu za vidato vitatu, atafanya mara kumi na nane.

Miguu inabaki. Kuchuchumaa kwa miguu miwili na kilo 16 kifuani ni zuri kwa kupasha mwili moto, na mimi hufanya mara tano tano kabla ya yote, viwiko vikisukuma magoti nje. Ila kwa nguvu, miguu miwili ni mashahidi wengi mno kwa kesi ndogo. Weka sehemu ya juu ya unyayo wa nyuma kwenye ukingo wa kitanda, pakata chuma kifuani kwa mikono miwili, shuka kwa mguu wa mbele kwa hesabu ya tatu, subiri chini sekunde moja, panda. Kitanda cha tano kwa sita kwa kawaida kina kimo kinachofaa. Kikipita goti, kiko juu mno, tumia stuli fupi iliyoegemezwa ukutani. Mara sita kila mguu, raundi tatu. Niliyemwonyesha zoezi hili, jamaa anayecheza mpira kila Jumapili, alishuka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume.

Wiki yangu ina siku tatu. Jumatatu ni nyepesi, Jumatano ya kati, Jumamosi nzito. Idadi ya ngazi ni ileile, kinachobadilika ni kidato cha mwisho: Jumamosi napanda mpaka juu, Jumatano naishia kidato kimoja chini yake, Jumatatu viwili chini. Baada ya kusukuma inafuata bembea, siku zote tatu. Miguu ni Jumatano na Jumamosi. Siku nyepesi hunichukua dakika 20, Jumamosi hufika 45.

Daftari langu linasema hivi. Jumamosi ya kwanza, lengo ngazi tatu za vidato vitatu, mara 18 kila mkono. Ya mwisho mkono wa kushoto uligoma, nikaacha na kulia nikapunguza moja. Wiki ya tatu zikakamilika. Nikaanza kuongeza ngazi, si vidato, na wiki ya sita nikawa na ngazi tano, mara 30. Wiki ya saba nikaongeza kidato cha nne, lakini kwenye ngazi ya kwanza peke yake: 34. Wiki iliyofuata ngazi mbili, 38. Kisha 42, 46, na wiki ya 11 nikafika 50. Mara 50 kwa kilo 16 ni kilo 800, sawa na magunia manane ya mahindi ya kilo mia mia, yamepita juu ya kila bega kwa asubuhi moja, na chuma ni kilekile nilichokinunua. Wiki ya 12 nilijaribu kidato cha tano, kushoto ukasimama nusu ya safari. Nikakishusha kifuani, nikakiweka kwenye gunia, nikanywa chai. Kiliingia wiki ya 14.

Bembea imekwenda hivi: wiki ya kwanza mia moja za mikono miwili zilinichukua dakika 16. Wiki ya tano, dakika kumi kamili. Wiki ya sita nikahamia mkono mmoja, nikarudi nyuma hadi dakika 14, na nikakasirika bure. Sasa naanza fungu kila baada ya sekunde 45, jumla dakika saba na nusu. Lengo ni kila baada ya sekunde 30, yaani mia kwa dakika tano.

Ngozi ya viganja ilinichanika mara moja, wiki ya sita hiyohiyo. Nilikuwa naubana mpini katikati ya kiganja. Unatakiwa kukaa kwenye vidole, chini ya sugu. Chaki ya ubaoni nilijaribu na haisaidii jasho la hapa kwetu. Kitambaa kikavu kila baada ya mafungu mawili kinatosha.

Kabla hujanunua, angalia mpini. Kifaa changu cha kwanza, kabla ya hiki, kilikuwa cha plastiki kilichojazwa saruji, kinene kama tikiti, kilikuwa kinanigonga kigasha kwa unene wake hata nilipokosea kidogo, na wiki ya pili kikaanza kumwaga unga kwenye mshono wa mpini. Tafuta kilichomiminwa kipande kimoja, mpini laini usio na makali chini yake, nafasi ya kuingiza mikono miwili. Mwenye presha ya kupanda, mjamzito, au mwenye mgongo uliowahi kumlaza aonane na daktari kwanza, kwa kuwa kukaza tumbo na kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu papo hapo.

Jiwe moja lina mwisho wake pia. Mgongo wa juu unapata kidogo, hasa kwa kule kupandisha kifuani, na hakuna hila itakayogeuza kilo 16 kuwa mzigo wa mtu anayetaka kuinua gunia sakafuni. Siku utakapofanya ngazi tano za vidato vitano, mara 75 kila mkono, na bembea mia za mkono mmoja ndani ya dakika tano, hapo kilo 16 zimekwisha kazi yake na unaweza kununua 24. Mimi sijafika. Jumamosi iliyopita nilikuwa na 55 na dakika saba na nusu, na fedha za chuma kipya nimelipia gesi.